Uji wa shule una unga wa karanga: barua kwa wazazi iandikwe vipi?

"Daktari shikamoo. Mi ni mpishi wa shule ya msingi huku Nachingwea. Wazazi wamechanga karanga, na shule ikifunguliwa tunataka kuweka unga wa karanga kwenye uji wa asubuhi, watoto ni kama 200. Mwalimu mkuu kaniambia niandike barua ili wazazi wenye watoto wenye aleji wajue. Sijui niandike nini. Wenzangu wanasema karanga ikichemka sana haidhuru, wengine wanasema tuache karanga tuweke korosho. Sufuria kubwa tunalo moja tu. Nisaidie."

Marahaba dada yangu. Nitakuandikia barua yenyewe hapa chini uinakili kama ilivyo ukitaka, ila kabla ya hapo kuna jambo moja lazima tuelewane, maana ndo linaloamua kama barua itamsaidia mtoto au itaishia kwenye faili la mwalimu mkuu.

Barua za namna hii huwa zinauliza hivi: je, mtoto wako ana aleji ya karanga? Mzazi anasoma, anajibu hapana, anasaini, mtoto anarudisha karatasi, wote mnaona mambo safi. Na mzazi hajadanganya, anajibu anachokijua. Wengi wetu huku tukisikia aleji tunawaza vumbi, tunawaza dagaa, tunawaza mtu anayepiga chafya asubuhi. Mtoto aliyevimba mdomo siku moja baada ya kula kashata, nyumbani walisema kaumwa na mdudu. Aliyetapika walisema kala vitu vya barabarani. Aliyekohoa mpaka akakosa pumzi walisema ni pumu imempanda. Hakuna mtu yeyote aliyemwambia mama kwamba hiyo ndo aleji, sasa atajuaje ajibu ndiyo?

Nikupe mfano wa mtoto mmoja niliyemuona, wa kiume, miaka saba. Mama yake alimleta kwa sababu ya vipele vilivyotoka mwili mzima, vinene kama alama za kuumwa na mbu ila vimeungana, na mdomo wa juu umevimba. Nikamuuliza ana aleji yoyote? Akasema hapana, huyu anakula kila kitu. Nikauliza tena kwa namna nyingine: leo asubuhi kala nini? Uji wa lishe kwa shangazi yake. Ilichukua muda gani mpaka vipele kutoka? Hata kikombe hakijakauka. Je, ashawahi kupata kitu kama hiki siku nyingine? Mama akafikiria, afu akasema mwaka juzi alikula kashata kwenye sherehe akatapika sana na kukohoa, wakampeleka hospitali wakijua ni sumu ya chakula. Na nyumbani karanga anazila? Hapo mama akacheka kidogo, akasema hizo hapendi, toka mdogo anasema zinamuwasha koo. Unaona? Taarifa yote mama alikuwa nayo, mtoto alikuwa anaisema mwenyewe kwa mdomo wake miaka yote, ila swali la "ana aleji" lilikuwa haliifikii. Swali la nini kilitokea ndo lililoitoa.

Kwa hiyo barua yako iulize mambo yaliyotokea. Hii hapa:

"Kwa mzazi au mlezi. Kuanzia tarehe ____ uji wa asubuhi wa shule utakuwa na UNGA WA KARANGA, kila siku. Karanga zimesagwa na kuchanganywa, mtoto hawezi kuziona wala kuzitenga. Tunaomba utujibu maswali mawili. La kwanza: mtoto wako ashawahi kula kitu chenye karanga (karanga za kukaanga, kashata, mchicha au kisamvu cha karanga, uji wa lishe) na ndani ya saa mbili akavimba midomo, macho au uso, au akatokwa na vipele vya kuwasha, au akatapika, au akakohoa mfululizo na kupumua kwa shida, au akalegea na kuzimia? La pili: mtoto wako huwa anakataa karanga akisema zinamuwasha mdomo au koo? Kama jibu ni NDIYO hata kwa kitu kimoja tu, tafadhali fika shuleni au piga simu namba ____ kabla ya tarehe hiyo, na mtoto asinywe uji wa shule mpaka tuongee. Tuandikie pia kama mtoto ana pumu. Jina la mtoto ____ Darasa ____ Swali la 1: NDIYO / HAPANA. Swali la 2: NDIYO / HAPANA. Pumu: NDIYO / HAPANA. Simu ya mzazi ____ Sahihi ____. Mpishi wa shule."

Sehemu ya pumu usiifute hata mwalimu akisema barua ni ndefu. Mtoto mwenye aleji ya karanga afu ana pumu, hasa pumu ambayo haijatulia, huyo ndo yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu likitokea la kutokea linaenda kukaa palepale kwenye kifua ambacho tayari ni dhaifu.

Kuhusu kuifikisha. Msianze kuweka karanga siku ileile barua inapotoka, jipeni wiki nzima, watoto wanywe uji mweupe kama kawaida. Karatasi isiyorudi msiihesabu kama hapana, hiyo ni karatasi isiyorudi tu, mwalimu wa darasa ampigie mzazi au amtumie meseji. Kuna bibi anayelea wajukuu na hasomi, huyo barua itamkuta mezani na itabaki mezani, kwa hiyo yaleyale maswali yasomwe kwa sauti kwenye kikao cha wazazi, na kama mna grupu la wasapu, wewe mwenyewe rekodi sauti uyasome, mtu akisikia sauti ya mpishi anayempikia mwanae anaitika haraka kuliko karatasi ya ofisi. Na waambie walimu kitu kimoja kwa mkazo: mtoto anayekataa uji asilazimishwe, asichapwe, aulizwe kwa nini. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukwambia nina mzio, atakwambia uji unachoma.

Sasa wale wenzako wanaosema karanga ikichemka sana haidhuru. Nadhani wanachanganya na vijidudu. Kipindupindu kwenye maji kinakufa ukichemsha kwa sababu ni kiumbe hai. Aleji ya karanga haitokani na kiumbe, inatokana na protini za karanga yenyewe, yaani kilekile chakula tunachokitaka ndani yake. Na hizi protini ni ngumu, moto wa jikoni haziuogopi, asidi ya tumboni nayo haizimalizi haraka. Kukaanga ndo kabisa, kuna ushahidi kwamba karanga iliyokaangwa kavu inaweza kuchokoza mwili zaidi ya iliyochemshwa, na unga wa uji wa shule kwa kawaida unatokana na karanga zilizokaangwa kwanza ili zisagike na zinukie. Kuchemsha kunapunguza kidogo, lakini sio kwa kiwango ambacho mimi au daktari yeyote atakwambia mpe mtoto.

Kinachotokea mwilini ni hivi. Kinga ya mwili kazi yake ni kutambua wageni wabaya. Kwa watoto wachache, kinga inaikosea karanga, inaiandika kama adui na kutengeneza kingamwili maalum za karanga, hizo zinaenda kujipachika kwenye seli zilizotapakaa kwenye ngozi, mdomoni, kwenye koo, tumboni, kwenye mapafu. Seli hizo ni kama mitego ya panya iliyokwisha kutegwa. Mara ya kwanza kula inaweza isitokee kitu, mitego ndo inategwa. Karanga ikija tena, mitego inafyatuka yote kwa pamoja, inamwaga kemikali, mojawapo inaitwa histamini, na ndani ya dakika chache mishipa ya damu inalegea na kuvuja. Ikivuja kwenye ngozi unaona vipele na uvimbe. Ikitokea tumboni ni kutapika. Kwenye njia ya hewa ni kukohoa, kukoroma, sauti kubadilika. Ikiwa mwili mzima, presha inashuka na mtoto analegea. Ndo maana magonjwa yanayoonekana tofauti kabisa, ya ngozi, ya tumbo, ya kifua, yanaweza kuwa kitu kimoja.

Na kwa sababu ni mitego, kiasi kidogo kinatosha. Hebu tupige hesabu ya sufuria lako. Tuseme mnaweka kilo mbili za unga wa karanga kwa watoto 200, hiyo ni gramu 10 kwa kila mtoto. Karibu robo ya karanga ni protini, kwa hiyo kila kikombe kina gramu mbili na nusu hivi za protini ya karanga, sawa na mtoto kula karanga kama kumi. Kuna watoto wanaopata shida kwa miligramu chache tu, yaani sehemu ndogo sana ya punje moja. Kwa hiyo lile wazo la kumpa nusu kikombe, au kumpa uji wa juu, au kumzoesha kidogo kidogo, liache kabisa. Ni kweli kuna matibabu ya kumzoesha mtoto karanga, yanafanyika hospitali kwa vipimo vidogo mno chini ya daktari, dawa ikiwa mkononi. Jikoni kwa kata haiwezekani.

Najua kuna mzazi atasimama kwenye kikao aseme karanga tumekula toka enzi za babu, hakuna aliyekufa. Nachingwea hapo ndo Waingereza walilima mashamba yao makubwa ya karanga, pamoja na Kongwa na Urambo, kwenye mpango ulioanza 1947, wakashindwa wakaacha 1951, na wananchi wakaendelea na karanga zao mpaka leo. Mjibuni kwa heshima kwamba ana haki, watoto walio wengi sana karanga zitawajenga tu, zina mafuta na protini, na mtoto aliyetembea kilomita kadhaa bila kula atakaa darasani vizuri akinywa uji wenye karanga kuliko uji mtupu. Hata kuacha karanga mapema sio kinga: utafiti uliofanyika Uingereza na kutangazwa 2015 ulionyesha watoto wachanga waliokuwa kwenye hatari ya aleji, waliopewa vyakula vya karanga kabla ya kutimiza mwaka, walipata aleji kwa uchache mno kuliko walionyimwa. Kwa hiyo simtetei mtu anayetaka karanga ziondoke shuleni kwa hofu tu. Ninachosema, karanga zibaki, na yule mmoja au wawili wajulikane kwa majina.

Korosho je? Hapana, na hili naliweka wazi kwa sababu huku kwetu korosho iko kila nyumba na inaonekana ndo suluhisho jepesi. Karanga ni jamii ya kunde na korosho ni mti wa jamii moja na mwembe, ni vitu tofauti, lakini korosho nayo ina aleji yake, na inaweza kuwa kali sawasawa au hata zaidi. Mtoto mwenye aleji ya karanga anaweza pia kuwa na ya korosho bila nyie kujua. Ukibadilisha unakuwa umehamisha swali tu, afu barua mliyoituma inakuwa haina maana tena. Na ndugu zangu wa Lindi kabla hamjaniambia tuweke ufuta: ufuta nao uko kwenye kundi hilohilo la vyakula vinavyoleta aleji kali. Mkitaka kuongeza nguvu kwenye uji wa yule mtoto asiyekula karanga, weka kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye kikombe chake, na maziwa kama yapo na mama yake amesema anayanywa. Soya ni jamii ya kunde, wengi wenye aleji ya karanga wanaimudu, ila muulizeni mama kama ashawahi kuila nyumbani, shule isiwe mahali pa kuijaribu.

Tuje jikoni sasa, na hapa sufuria moja sio tatizo kubwa kama unavyodhani. Pika uji wote mweupe kwanza, wa watoto wote, mpaka uive kabisa. Ukiiva, kabla unga wa karanga haujafunguliwa hata kiroba, chota uji wa wale wasiokula karanga kwa kata safi, weka kwenye chombo chao chenye mfuniko, kifunikwe na kipelekwe mbali na jiko, ofisini kwa mwalimu ni pazuri. Hapo ndo unakoroga unga wa karanga kwenye maji ya baridi usifanye mabonge, unamimina kwenye sufuria kubwa, unaacha uchemke tena kama dakika kumi. Moto mmoja, sufuria moja, uji wa aina mbili. Kinyume chake haiwezekani, ukishaweka karanga hakuna namna ya kuzitoa.

Shida iko kwenye sufuria la jana. Ukoko ulioganda chini na ule unaoshika pembeni juu ndo unaotunza karanga, na kama mnalisuuza kwa maji tu mkijua kesho linapikiwa uji uleule, basi uji mweupe wa kesho sio mweupe. Lilowekwe, likwanguliwe, lioshwe kwa sabuni na maji mengi, lisuuzwe, na dodoki linalooshea sufuria la karanga lisitumike kuoshea chombo cha watoto hao. Mwiko wa mbao una nyufa, hausafishiki vizuri, kwa hiyo uwe na miko miwili, wa uji mweupe na wa kumalizia karanga, ule wa karanga uuchome alama kwenye mpini na chuma cha moto ili hata siku umeumwa na anapika mtu mwingine asikosee. Vikombe pia, mtoto huyo aje na kikombe chake cha nyumbani na kirudi nyumbani. Agawiwe wa kwanza, kabla vikombe vingine havijaanza kuzunguka, maana watoto wanapokezana uji, mmoja anamwagia mwenzie uliobaki, wewe unajua. Na mikono baada ya uji ioshwe kwa sabuni; ile dawa ya kupaka mikononi inaua vijidudu lakini protini ya karanga inaiacha palepale.

Kitu kingine kinachosahaulika ni mashine ya kusaga. Mahindi yakisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga unga wa lishe wenye karanga, unga mweupe unatoka na karanga ndani. Muulize mwenye mashine, na mahindi ya shule yasagwe kabla ya karanga, siku tofauti ikiwezekana, na viroba vilivyowahi kubeba karanga visibebe unga.

Na hapa niwe mkweli kwako. Utaratibu huu unamfaa mtoto ambaye shida yake ilikuwa vipele au kuvimba kidogo, na bado aonwe na daktari. Mtoto ambaye karanga zilimfanya apumue kwa shida au azimie, au mwenye aleji na pumu pamoja, mimi nisingemruhusu anywe uji uliopita kwenye sufuria hilo hata kama limeoshwa vipi. Huyo apikiwe kwenye kasufuria kadogo ambako karanga hazijawahi kuingia, au aje na chakula chake kutoka nyumbani. Na kama kwa hali ya shule yenu, wewe uko peke yako, watoto 200, kuni mbichi, maji ya kubeba kichwani, unaona kabisa haya ya kuosha na kutenga hayatafanyika kila siku, basi waambie uongozi karanga zisiingie kwenye uji, zigawiwe kwa wazazi wakapikie nyumbani. Uamuzi huo hauna aibu yoyote.

Sasa ikitokea. Mara nyingi inaanza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula. Mtoto anaanza kujikuna mdomo, midomo inavimba, vipele vinatoka. Kama ni ngozi tu, mtoe kwenye uji, asukutue, kaa naye usimwache peke yake hata kwenda chooni, mpigieni mzazi, na apelekwe zahanati, kwa sababu linaloanza kwenye ngozi linaweza kuhamia kifuani mkiwa mnamuangalia. Ukiona kitu kimoja tu kati ya hivi: anakohoa mfululizo, anapumua kwa kukoroma au mbavu zinaingia ndani, sauti imebadilika, anashindwa kumeza mate, anatapika tena na tena huku ana vipele, amelegea, anasinzia ovyo, hapo hakuna kusubiri mzazi, ni kuondoka dakika hiyohiyo.

Dawa inayookoa maisha ni sindano ya adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 0.2 tu, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano kama hajapata nafuu, hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya, nakutajia ujue kwamba sio kitu kikubwa wala cha Dar peke yake. Piritoni haifanyi kazi hiyo. Piritoni inapunguza kuwasha na vipele, inachelewa kuanza kazi, na haifungui njia ya hewa wala haipandishi presha, kwa hiyo mkimpa piritoni mkakaa kusubiri mnakuwa mmepoteza ule muda aliokuwa nao. Maziwa na mafuta ya kula pia hayasaidii, na mtoto anayepumua kwa shida ukimnywesha kitu unaweza kumpalia. Msimtapishe.

Namna ya kumbeba nayo ni muhimu. Aliyelegea alazwe chali miguu juu, asisimamishwe wala kutembezwa, maana presha ikiwa chini kumsimamisha ghafla kunaweza kumzimisha moyo. Anayetapika au aliyepoteza fahamu alazwe ubavu. Anayepumua kwa shida mwacheni akae kama mwenyewe anavyoona nafuu. Ndo maana bodaboda napenda iwe chaguo la mwisho, tafuteni bajaji au gari ambako anaweza kulala kwenye kiti cha nyuma na mtu mzima pembeni. Ila kama kilichopo ni bodaboda na mtoto anakosa hewa, nendeni, msimsubirishe kwa ajili ya gari lisilojulikana linakuja saa ngapi. Mkifika mlangoni semeni hivi kwa sauti: mtoto amekula karanga, anavimba na hapumui vizuri. Msiseme tu mtoto anaumwa, mtawekwa kwenye foleni. Na hata akipata nafuu asirudishwe nyumbani haraka, hali inaweza kurudi masaa kadhaa baadaye bila kula karanga nyingine, hivyo akae chini ya uangalizi kama watakavyosema.

Kabla hata uji wa kwanza wa karanga haujapikwa, wewe na mwalimu mmoja nendeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu mkaulize mambo mawili: adrenalini ipo, na mchana wa kawaida anakuwepo mtu wa kuichoma? Kama zahanati ya karibu haina na kituo kinachofuata kiko mbali, basi mkiwa na mtoto mwenye historia kali hilo peke yake linatosha kuziweka karanga nje ya uji.

Watoto ambao wazazi wao watajibu ndiyo waende wakaonwe na daktari wa watoto, Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au Ndanda kwa walio upande huo, wasiishie kwenye barua yako. Wengine wataonekana hawana aleji, ilikuwa kitu kingine. Waende na maelezo: alikula nini, kiasi gani, ilichukua muda gani, nini kilitokea, na picha ya simu kama ilipigwa siku ile. Hayo maelezo yana uzito kuliko kipimo cha damu. Utafiti uliofanyika kwa watoto wa shule Ghana ulionyesha kwamba kichocho kinaweza kufanya damu isome kama mtoto ana aleji ya karanga wakati anazila bila shida yoyote, na kichocho huku kwetu tunakijua. Kwa hiyo mzazi akikuletea karatasi ya maabara inayosema ana aleji, na mtoto amekuwa anakula karanga kila wiki bila kitu, msimnyime mpaka daktari aisome pamoja na historia.

La mwisho ni kuhusu karanga zenyewe mlizochangiwa, kwa kuwa watu wataanza kuchanganya. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, zinaweza kuwa na sumu kuvu, na hiyo sio aleji. Sumu kuvu inamdhuru yeyote atakayekula, haichagui mtoto, inaharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi nayo. Chambueni karanga kabla ya kukaanga na kusaga, mbovu zitupwe, hata kuku wasipewe. Barua kwa wazazi itoke tena kila Januari, darasa la kwanza wapya wanapoingia, na kila mtoto anayehamia katikati ya mwaka apewe yake siku anayoandikishwa, kabla hajapewa kikombe.